Jinsi ya Kupanga Ratiba ya Kurekodi Filamu kwa Kufuata Maeneo na Nafasi za Waigizaji

Mwongozo huu unahusu filamu ndogo inayorekodiwa kwa siku chache, ambayo waigizaji wake wana kazi nyingine na sehemu ya maonyesho yake yako nje. Nitatumia mfano wa filamu yenye kurasa 19 na maonyesho 12, inayorekodiwa katika maeneo matatu: nyumba moja ya Ntinda jijini Kampala pamoja na ua wake, soko la Nakasero jijini humo, na ufukwe wa ziwa ulioko Entebbe. Wahusika ni Mama, Binti yake, Mjomba, na Mwenyekiti wa mtaa.

Hatua ya kwanza: chambua mswada onyesho kwa onyesho

Fungua jedwali kwenye kompyuta na umpe kila onyesho mstari wake. Safu A iwe namba ya onyesho, B ndani au nje, C mchana au usiku, D eneo, E urefu, F wahusika, na G siku, ambayo kwa sasa utaiacha wazi. Kwa desturi ya kazi hii, urefu wa onyesho hupimwa kwa sehemu za nane za ukurasa. Kwa hiyo onyesho la ukurasa mmoja na nusu huandikwa 12. Ukiandika namba kamili namna hii, jedwali litakujumlishia kurasa za kila siku bila kukusumbua:

```
=SUMIF(G2:G13,"Jumatano",E2:E13)/8
```

Kikosi kidogo kisicho na taa nyingi kinaweza kumaliza kurasa nne kwa siku bila kukimbizana, na kikifika tano kitakuwa kimechoka. Hata hivyo, kurasa peke yake hazitoshi kupimia kazi, kwa sababu robo ya ukurasa yenye umati wa sokoni inaweza kula muda mwingi kuliko kurasa mbili za watu wawili mezani.

Hatua ya pili: kusanya maonyesho ya eneo moja, kisha uyagawe kwa wahusika

Panga jedwali kwa safu D, halafu kwa safu F. Katika mfano wetu yanapatikana mafungu haya:

- Soko, nje, mchana: onyesho la 4 na la 8, Mama na Mjomba, kurasa 3.
- Nyumba, ndani, mchana: la 2 na la 10, Mama na Mjomba, kurasa 4.
- Nyumba, ndani, mchana: la 5 na la 7, Mama na Binti, kurasa 3.
- Ua wa nyumba, nje, mchana: la 3 na la 9, Mama na Mwenyekiti, kurasa 2.
- Nyumba, ndani, usiku: la 11, Mama na Mjomba, kurasa 2 na nusu.
- Nyumba, ndani, usiku: la 6, Mama peke yake, ukurasa 1.
- Ufukwe, nje, mchana: la 1 na la 12, Mama na Binti, kurasa 3 na nusu.

Wengi huishia hapa, wakaamua kumaliza nyumba yote kwa siku tatu mfululizo kwa sababu ndiko kwenye kazi nyingi. Ingekuwa hivyo kama waigizaji wote wangekuwa huru.

Hatua ya tatu: weka nafasi za waigizaji juu ya mafungu

Muulize kila mwigizaji siku ambazo hawezi kufika kabisa, maana ukimuuliza siku anazoweza atakujibu kwa ukarimu kuliko ukweli. Tuseme anayecheza Mjomba ana maonyesho ya jukwaani kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, Binti anasoma na hupatikana Jumamosi na Jumapili tu, Mwenyekiti amepata ruhusa kazini Alhamisi peke yake, na Mama yuko huru wiki nzima. Kama unaweza kusubiri likizo ya shule, kikwazo cha Binti kitapungua sana, lakini hapa tuchukulie kwamba huwezi.

Anza na mwenye nafasi finyu zaidi. Mwenyekiti ana Alhamisi tu, kwa hiyo fungu la ua linakaa Alhamisi. Mjomba ana mafungu matatu, nayo lazima yaishe kabla ya Ijumaa. Binti anachukua mwisho wa wiki. Onyesho la 6 halimhitaji mtu mwingine zaidi ya Mama, kwa hiyo liache pembeni. Litajaza pengo popote litakapojitokeza.

Hatua ya nne: tanguliza nje, na nyuma yake weka ndani yenye wahusika walewale

Hatua hii ndiyo inayoamua kama ratiba itaishi, hasa katika miezi ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Siku ya akiba iliyoachwa tupu mwishoni haisaidii kitu ikiwa mwigizaji unayemhitaji hayupo siku hiyo. Katika mfano wetu Ijumaa iko wazi, lakini haiwezi kuliokoa soko, kwa kuwa Mjomba atakuwa jukwaani.

Kwa hiyo soko liwe Jumanne, na maonyesho ya 2 na 10 ya nyumbani yawe Jumatano. Mvua ikinyesha Jumanne asubuhi, Mama na Mjomba wanakwenda Ntinda badala ya Nakasero, na soko linahamia Jumatano bila kumpigia mwigizaji mwingine yeyote. Ufukwe nao uwe Jumamosi, na maonyesho ya 5 na 7 yawe Jumapili, kwa kuwa yote ni ya Mama na Binti. Jumamosi inafaa pia kwa sababu Jumapili fukwe za Entebbe hujaa watu na muziki, na sauti yako itaharibika.

Mpango huo una gharama, nayo ni vizuri kuitaja mapema. Mwenye nyumba lazima akubali tangu mwanzo kwamba mnaweza kufika Jumanne, na uongozi wa soko utoe ruhusa ya siku mbili. Isitoshe, nyumba itakaa bila kutumika Ijumaa na Jumamosi. Omba chumba kilichopambwa kifungwe, na kabla ya kuondoka Alhamisi kipigwe picha kila upande, ili Jumapili kila kikombe kirudi mahali pake.

Hatua ya tano: panga saa ndani ya siku

Kampala jua huchomoza na kutua karibu na saa moja kasorobo mwaka mzima, kwa hiyo mwanga wa mchana ni takribani saa 12. Alhamisi kikosi kifike saa tano asubuhi, kirekodi ua mchana, kisha onyesho la 11 baada ya giza kuingia, na kiondoke kabla ya saa tano usiku. Jumla ni kurasa 4 na nusu. Onyesho la 6 ningelipeleka Jumapili jioni, Binti akiwa ameshaachiwa arudi nyumbani. Jumamosi msafara utoke Ntinda saa kumi na moja alfajiri kupitia barabara ya mzunguko ya kaskazini na ile ya kasi ya Entebbe, kabla magari hayajasongamana.

Bado pana sehemu moja dhaifu: fungu la ua halina mbadala, kwa kuwa Mwenyekiti ana siku moja tu. Mvua ikianza Alhamisi mchana, ziba madirisha kwa vitambaa vizito vyeusi urekodi onyesho la 11 papo hapo, halafu utoke uani mvua ikikatika. Isipokatika hadi saa kumi jioni, maonyesho ya 3 na 9 yachezwe barazani, na mwongozaji awe amekubali jambo hilo wakati wa kukagua eneo, kwa sababu maneno ya mswada yanayotaja ua yatabidi yabadilishwe kabla ya waigizaji kuyakariri.