Kuomba kiti cha magurudumu Kenya: kagua picha kabla ya kukubali

Kiti cha magurudumu huombwa katika ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kabla ya fomu ya kifaa ni lazima mhusika awe amepimwa ulemavu wake na kusajiliwa. Siku hizi usajili wenyewe huanzia kwenye eCitizen. Hayo karani atakuelekeza. Penye shida ni pale mfadhili anapokutumia picha ya kiti kwenye simu na kukuuliza, "Hiki kinafaa?" Wengi hujibu ndiyo papo hapo, na baada ya miezi michache kiti kinafugia kuku.

Tumchukue mgema mmoja wa bara ya Malindi aliyeanguka mnazi. Miguu haina nguvu wala hisia, ila mikono ni ya chuma. Nyumbani kwake ni mchanga hadi barabarani, na kila siku huenda kuchota maji kwa dumu la lita 20.

Anza na vipimo vyake, viandike kabla ya kutazama picha yoyote. Uzito ukishindikana kupimwa zahanati, nendeni kwenye mizani ya jukwaa ya duka la nafaka: mkalishe kwenye kiti cha mbao, pima, kisha toa uzito wa kiti. Wake ulitoka kilo 92. Upana wa makalio hupimwa akiwa ameketi wima, ukiegemeza kitabu kila upande na kupima katikati ya vitabu; wake ni sentimita 41. Kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti ni 47. Hapo punguza sentimita 3 hadi 6 ili ukingo wa kiti usikandamize goti, kwa hiyo anahitaji kina cha 41 hadi 44. Pima pia mlango wa choo. Huo husahaulika sana.

Sasa picha. Moja haitoshi: omba ya ubavuni, kamera ikiwa usawa wa kiti, ya mbele, na ya karibu ya maandishi kwenye tairi na kibandiko cha fremu. Kwa mgema huyu tairi la nyuma liliandikwa 24x1 3/8, yaani gurudumu lina kipenyo cha takriban sentimita 61. Hilo ndilo rula lako. Kwenye picha ya ubavuni gurudumu lilikuwa sentimita 6 na kalio la kiti 4.3, hivyo kina halisi ni kama 44. Kimepita, ingawa kipimo cha picha ni cha kukadiria tu. Ukiweza, mwombe mwenye kiti aweke futi kamba.

Upana ndio uliokataa. Kibandiko kilisema 46, sentimita tano zaidi ya makalio yake. Mtu asiye na hisia akiketi hivyo huegemea upande mmoja, uzito wote hukaa kwenye mfupa mmoja, na kidonda huanza bila yeye kujua. Tena upana wa jumla, magurudumu na pete za kusukumia zikiwemo, huzidi kalio kwa karibu sentimita 20. Hicho kingefika 66, na mlango wake wa choo ni 65.

Kibandiko kilisema pia kwamba kiti hubeba hadi kilo 100. Mgema mwenyewe ni 92, dumu likijaa ni 20 nyingine, jumla 112. Na magurudumu ya mbele yalikuwa madogo, membamba, ya mpira mgumu: ni ya sakafu ya hospitali. Kwenye mchanga huzama, kiti kikasimama ghafla naye akatupwa mbele.

Kwa hiyo jibu kwa mfadhili lisiwe "hapana" tupu. Andika hivi, na uambatishe kwenye fomu pamoja na pendekezo la tabibu wa viungo: mtumiaji kilo 92, mzigo hadi 20, upana wa kalio la kiti sentimita 41 au 42, kiti kirefu cha magurudumu matatu, matairi ya upepo, mto wa kuzuia vidonda. Kiti cha aina hiyo hugeuka kwa taabu ndani ya chumba kidogo. Kwa mtu anayeshinda nje ni bei ya kulipa. Kwa mwanafunzi anayepita kati ya madawati ningechagua kingine.

Kwa anayeombewa fremu ya kutembelea, hoja ni fupi: akisimama mikono ikining'inia, vishikio vifike kwenye kifundo cha mkono. Hakikisha kwenye picha kwamba miguu ya fremu ina matundu ya kurekebisha urefu.

Kiti kikifika, aketi kwanza kabla ya kutia sahihi. Pitisha kiganja chini ya makalio, juu ya mto: ukigusa mfupa unaobana vidole usiweze kuvichezesha, mto haufai, na liandikwe kwenye hati ya kupokea.