Somo: Kusafisha picha ya chupa ya asali kwa Negative prompt

Nimeliandika somo hili ili anayeuliza tena jinsi ya kuondoa kasoro kwenye picha aelekezwe hapa. Mfano ni chupa ya asali ya Tabora iliyotoka Stable Diffusion, modeli ya akili bandia inayochora picha kwa maelezo, ikiwa na lebo ya herufi zisizosomeka, kifuniko cha pili ubavuni na vivuli viwili vinavyoelekea pande tofauti.

Hatua ya 1: Fungua modeli ya SDXL ya kawaida, weka CFG Scale, yaani kiwango cha modeli kufuata maelezo yako, iwe 7.

Hatua ya 2: Usibadilishe namba ya Seed, yaani namba inayoanzisha picha, ili ujue kila badiliko limeletwa na neno gani.

Hatua ya 3: Jaza visanduku viwili hivi.

```
Prompt: glass honey jar, one gold lid, blank white label, grey background, soft light from left
Negative prompt: (text:1.2), letters, watermark, extra lid, handle, double shadow, hard shadow
```

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Katika kila hatua ya uchoraji modeli hufanya makadirio mawili, moja kwa maelezo unayoyataka na jingine kwa usiyoyataka, kisha picha husukumwa mbali na hilo la pili. Kwa hiyo usiandike "no text", kwani kisanduku chenyewe ndicho katazo. Taja kitu tu. Usiandike "shadow" peke yake, maana hata kivuli cha chini ya chupa kitaelekea kufutika na chupa itaonekana inaelea. Tena usipandishe ovyo uzito wa neno, yaani namba kama ile 1.2: ukizidisha, kioo hupoteza mng'ao na rangi ya asali huungua.

Hatua ya 4: Ongeza neno moja, tengeneza picha, linganisha.

Maswali

— Nimenakili yote, hakuna kilichobadilika. Haifanyi kazi.

— CFG yako ni ngapi?

— 1, kwa sababu natumia modeli ya Turbo.

— Basi hatua ya 1 hukuisoma, ndugu. Kwa CFG 1 kisanduku cha Negative prompt hakihesabiwi kabisa.

— Shikamoo mwalimu. Maandishi yameondoka, lakini kifuniko cha pili kinarudi kila ninapotengeneza bango refu la 1024 kwa 2048. Je, niongeze uzito?

— Marahaba, dada. Usiongeze, kwa sababu tatizo lako halimo kwenye maneno. SDXL ilifunzwa kwa picha za ukubwa wa takribani 1024 kwa 1024, na turubai ikirefuka mno hurudia kitu kilekile ili kujaza nafasi. Tengeneza chupa kwa 1024 kwa 1024, kisha urefushe mandhari kwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Mandhari ya kijivu tupu hayasumbui.

— Na lebo yenyewe je? Mteja wangu wa Sikonge anataka jina lake lisomeke.

— Ndiyo maana tumeomba lebo tupu. Andika jina, uzito na tarehe kwa GIMP, kisha ulipinde kidogo lifuate mviringo wa chupa. Alama ya TBS usiiache modeli iichore. Kama mteja ana kibali, bandika faili halisi, na kama hana, pasibaki kitu chochote kinachofanana nayo.