Jina la biashara litakalobaki sawa ukiongeza bidhaa: lichague hivi kabla ya kuliombea BRELA

Fomu yenyewe haina ugumu. Ukiwa na namba ya NIDA, simu iliyo hewani na barua pepe ambayo nywila yake bado unaikumbuka, kuomba jina la biashara kwenye mfumo wa ORS wa BRELA (ors.brela.go.tz) ni kazi ya kukaa chini mara moja, mtandao ukiwa na huruma. Ada ni shilingi 20,000: 15,000 ya usajili na 5,000 ya utunzaji wa kumbukumbu. Hiyo 5,000 inarudi kila mwaka, na wengi huikumbuka siku wanapotaka kurekebisha kitu na mfumo ukawadai malimbikizo.

Pesa zinapopotea ni kwenye kile kisanduku cha jina. Watu hukijaza kwa dakika mbili wakiangalia bidhaa waliyo nayo mkononi leo, halafu mwaka wa tatu wanajikuta wanauza vitu ambavyo jina linavikana.

Tuchukue mfano wa mama anayefungasha dagaa pale Kirumba Mwaloni. Ananunua dagaa wakavu, anawachambua, anawatoa mchanga, anawapakia kwenye mifuko ya robo na nusu kilo na kuwasambaza kwenye maduka ya Igoma na Buhongwa. Mpango wake ni kuongeza unga wa lishe wenye dagaa ndani, na baadaye chakula cha samaki kwa wafugaji wa vizimba, maana dagaa walionyeshewa na mvua hawafai kwa mezani lakini kwenye chakula cha mifugo wana soko. Jina lililomjia kwanza: Kirumba Dagaa Bora.

Kila neno hapo lina deni lake. "Dagaa" litamsumbua siku ya unga, kwa sababu mzazi anayetafuta uji wa mtoto hatanyoosha mkono kwenye pakiti iliyoandikwa dagaa kwa herufi kubwa. "Kirumba" linafaa mradi mzigo unatoka hapo, lakini msimu ukiwa mbaya mzigo utatoka Musoma au Ukerewe, na wateja wa Mwanza wanajua tofauti. Tena jina la mahali haliwezi kuwa lako peke yako. Kesho jirani wa meza ya pili akijiita Kirumba Samaki huna la kumfanya. "Bora" halina kazi yoyote. Ni sifa, na sifa kila mtu anaruhusiwa kujipa. Ukiyaondoa maneno matatu, hakuna jina lililobaki, na hicho ndicho kipimo cha kwanza: futa neno la bidhaa, la mahali na la sifa, kisha angalia kama kuna kitu kimebaki.

Kinachobaki kiwe neno moja ambalo mteja atalikumbuka na kulitamka bila kusaidiwa, lenye harufu ya kazi yako bila kutaja bidhaa. Kwa mama huyu tuseme Karabai, ile taa ya kuvulia dagaa usiku. Mtu wa ziwani analielewa mara moja, na haligombani na unga wala chakula cha samaki. Lina ukomo wake pia: siku akitaka kuuza taa za sola, Karabai litakuwa linataja bidhaa yenyewe, na hapo ulinzi wake unakuwa dhaifu kwa sababu hakuna anayeweza kumiliki jina la kawaida la kitu anachokiuza. Kwa hiyo kabla hujalipenda neno, andika orodha ya bidhaa unazoweza kuziuza miaka mitano ijayo, hata zile za ndoto, na ulipime neno dhidi ya kila moja. Likitaja hata bidhaa moja kati ya hizo, tafuta jingine.

Sasa kutafuta kama jina liko wazi. Hapa ndipo ombi hurudi na maelezo ya "linafanana na jina lililopo", na mwombaji huapa kwamba alitafuta. Alitafuta, ila aliandika jina lote, Karabai Enterprises, mfumo ukamwambia hakuna. Ofisa anayepitia ombi haangalii jina lote kwa uzito mmoja. Enterprises, Traders, Investment, General Supplies ni mikia tu na haitofautishi mtu na mtu. Kama kuna Karabai Investment, wewe na Karabai Traders yako mnafanana. Tafuta neno kuu peke yake, kisha lijaribu kwa tahajia nyingine: Karabay, Kara Bai, Carabai. Angalia orodha ya majina ya biashara na ya kampuni, na uangalie alama za biashara pia, kwa sababu jina linaweza kuwa wazi kama jina la biashara huku mtu wa Dar es Salaam ameshalisajili kama alama ya bidhaa zilezile. Ingia na majina matatu uliyoyapima yote. Anayeingia na moja, likikataliwa, hubuni jipya papo hapo kwa hasira, na jina la hasira ndilo huwa Kirumba Dagaa Bora Namba Moja.

Epuka pia maneno yanayomfanya mtu adhani una uhusiano na Serikali au kwamba wewe ni benki au kampuni ya bima. Hayo yanahitaji kibali, na kibali kina foleni yake.

Jina likishapita, fomu itakuuliza shughuli za biashara, nazo huchaguliwa kwa namba za ISIC, orodha ya kimataifa inayozipanga shughuli za kiuchumi. Watu huweka moja na kusonga mbele, ilhali hapa ndipo upanuzi unapoandikwa kisheria. Jina pana halikupi ruhusa ya kufanya kila kitu, na jina finyu halikuzuii; shughuli ulizojaza ndizo zinazosomwa. Kwa mfano wetu, kusindika na kuhifadhi samaki ni 1020, unga na bidhaa za nafaka ni 1061, chakula cha mifugo na samaki ni 1080, na kuuza vyakula kwa jumla ni 4630. Weka zile unazokusudia kweli. Ukijaza ishirini ili uwe salama, ofisa wa leseni halmashauri atakuuliza zote unazifanyia wapi, na kila moja inaweza kuja na leseni yake.

Kuna jambo moja ambalo cheti chenyewe hakikuambii. Usajili wa jina la biashara haukupi umiliki wa chapa kwenye pakiti. Chapa inalindwa kwa alama ya biashara, ambayo pia inaombwa BRELA lakini kwa sheria nyingine, ile ya mwaka 1986, na inaombwa kwa madaraja ya bidhaa. Kwa anayetaka kupanuka, madaraja haya ni muhimu kuliko jina lenyewe. Dagaa wakavu wako daraja la 29. Unga wa lishe wa kawaida uko daraja la 30, ila ukiuzwa kama chakula cha watoto wachanga ni la 5. Chakula cha samaki kiko daraja la 31. Yaani mama wa Karabai akisajili la 29 peke yake akaanza na dagaa, mtu mwingine anaweza kuwahi la 30 na kutoa unga wa Karabai, na ugomvi wake hautakuwa mwepesi. Kila daraja lina ombi na ada yake, kwa hiyo hutasajili yote 45. Sajili la bidhaa unayouza sasa na la bidhaa inayofuata. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara, na unaishia Tanzania Bara. Zanzibar wana ofisi yao na maombi yao.

Hapo kwenye daraja la 31 kuna swali lisilo la kisheria. Je, unataka jina lilelile liwe kwenye uji wa mtoto na kwenye gunia la chakula cha samaki? Dukani Pasiansi vitu hivyo viwili vinaweza kukaa rafu moja. Dawa yake ni kutenganisha jina la kampuni na jina la bidhaa tangu mwanzo. Karabai liwe la kampuni, likae kwenye cheti, TIN na leseni, na kwenye pakiti za chakula cha watu. Chakula cha samaki kipewe jina lake kubwa mbele, na Karabai itajwe nyuma kwa herufi ndogo kama mtengenezaji.

Vifungashio navyo visubiri. Mifuko inayochapwa kiwandani kwa silinda hudai silinda moja kwa kila rangi, na kiwango cha chini cha kuagiza hupimwa kwa mamia ya kilo. Ukichapa "Dagaa" kwenye mfuko wa rangi tano, umejifunga. Chapa mfuko wenye chapa peke yake kwa rangi mbili, uache nafasi wazi ya stika. Jina la bidhaa, uzito, viambato, tarehe, namba ya toleo na anwani ya mtengenezaji vikae kwenye stika. Mfuko huohuo utabeba dagaa leo na unga mwakani, na TBS wakitaka lebo irekebishwe unatupa stika tu.

Ukifika siku ya kugeuza jina la biashara kuwa kampuni, usidhani jina litahama lenyewe. Kampuni ni ombi jipya, na linaweza kugongana na jina lako mwenyewe lililomo kwenye daftari. Andaa mapema barua ya ridhaa kutoka kwa mwenye jina la biashara, ambaye ni wewe, kwenda kwa kampuni, ambayo pia ni yako. Ofisa anaweza kuiomba, na akiiomba hatacheka.

Na kama tayari umekwama na jina finyu na ni kampuni, njia ipo. Wanahisa wapitishe azimio maalum kwa robo tatu ya kura, liwasilishwe ORS pamoja na jina jipya ulilolipima kama hapo juu, mpewe cheti cha kubadili jina. Namba ya kampuni haibadiliki, na mikataba na madeni yanabaki palepale. Baada ya hapo fuata mpangilio huu: TRA kwanza, ili TIN na mashine ya EFD zisome jina jipya, kisha leseni ya halmashauri, benki, TBS, na lebo mwisho kabisa. Anayeanza na lebo hujikuta ana mifuko yenye jina jipya na risiti zenye jina la zamani, na mkaguzi huanza kusoma kwenye risiti. Nakala ya cheti cha kubadili jina ikae kwenye kila faili, kwa sababu wateja wa zamani wataendelea kulipa kwa jina lile la kwanza kwa muda mrefu, na benki haitapokea maelezo ya mdomo.