SOMO: 10^n, n! na n^n, nani anamzidi nani kwenye kikomo?

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi mno, leo naliandika lote mahali pamoja. Ni ile mifuatano yenye n! juu ya sehemu na n^n chini, au 10^n juu na n! chini, halafu unaulizwa kikomo n inapokua bila mwisho.

Hatua ya 1. Shika ngazi, kuanzia anayekua polepole: a^n (a ni namba isiyobadilika, kubwa kuliko 1), kisha n!, kisha n^n. Akiwa mmoja tu juu na mmoja tu chini, mwenye ngazi kubwa anashinda.

Hatua ya 2. Thibitisha. Kwa n!/n^n, vunja vipande:

```
n!/n^n = (1/n)(2/n)(3/n)...(n/n)
```

Hakuna kipande kinachozidi 1, na cha kwanza ni 1/n. Basi zao lote limebanwa kati ya 0 na 1/n, kikomo ni 0.

Hatua ya 3. Usihukumu kwa namba za mwanzo. 10^n/n! kwenye n = 10 ni kama 2756, na wengi huishia hapo wakaandika kwamba inapanda. Lakini kutoka n kwenda n+1 unazidisha kwa 10/(n+1). Kuanzia n = 10 kizidishio hicho kiko chini ya 1 na kinazidi kupungua. Ukifika n = 25, sehemu nzima imeshashuka chini ya 1. Kikomo ni 0.

Hatua ya 4. Wawili wakiwa upande mmoja, achana na ngazi. Soma hapa taratibu. Mwaka wa kwanza chuoni nilipewa kikomo cha 3^n·n!/n^n. Nikaandika 0, kwa hoja kwamba n^n ndiye mkubwa wa wote. Nikakosa alama zote za swali. Ngazi inalinganisha mmoja na mmoja; wadogo wawili wakizidishwa pamoja wanaweza kumshinda mkubwa. Njia salama ni kugawanya neno linalofuata kwa lililotangulia:

```
a(n+1)/a(n) = 3·(n/(n+1))^n
```

Mtego wa pili uko kwenye hiyo (n/(n+1))^n. Utasema n/(n+1) inakwenda 1, na 1 kwa kipeo chochote ni 1. Si kweli, kwa sababu kipeo nacho kinakua. Igeuze: ni 1 gawanya kwa (1+1/n)^n, na hiyo inakwenda e, yaani 2.718. Kwa hiyo uwiano unakwenda 3/e, kama 1.10. Umezidi 1, mfuatano unakua bila mwisho. Ukiweka 2 badala ya 3 unapata 2/e, kama 0.74, na kikomo ni 0. Kwenye n = 10 wa 3 uko 21.4, wa 2 uko 0.37.

MASWALI

Kidato6_PCM: Mkuu, 5^n·n!/n^n jibu ngapi? Nina haraka.

Mwandishi: Hatua ya 4. Linganisha 5 na e.

Kidato6_PCM: Si ungesema tu ni 0, n^n ndiye mkubwa.

Mwandishi: Si 0. Hilo ndilo kosa nililoandikia aya nzima. Rudi usome.

BintiPwani: Shikamoo mwalimu. Je, ikiwa ni e^n·n!/n^n yenyewe? Uwiano unakwenda 1, nimekwama.

Mwandishi: Marahaba dada, umegusa pazuri. Uwiano ukienda 1, kipimo hiki peke yake hakiamui. Ila (1+1/n)^n iko chini ya e daima, basi kila uwiano unazidi 1 na mfuatano unapanda tu, 0 haiwezekani. Unapanda kwa kasi gani? Kanuni ya Stirling inasema n! inakaribia √(2πn)·(n/e)^n, kwa hiyo mfuatano wako unakwenda sawa na √(2πn). Jaribu n = 10: wenyewe ni 7.99, kanuni inatoa 7.93. Unakua bila mwisho, ila taratibu sana.

BintiPwani: Ahsante sana. Nilitaka kujaribu n = 100, kikokotoo kinagoma.

Mwandishi: Vingi vinaishia 69!, maana 70! inapita 10^100. Usikokotoe faktoria kabisa. Anza na neno la kwanza, kisha zidisha kwa uwiano, hatua kwa hatua. Kwa ule wa 3, anza na 3, zidisha kwa 3·(1/2)^1, halafu 3·(2/3)^2, endelea hivyo.

FundiJedwali: Nimeufanya huo wa 3 kwenye jedwali la kompyuta, safu moja ya n na nyingine ya neno. Kwenye n = 100 napata kama 481,000.

Mwandishi: Ndiyo hiyo. Badilisha 3 iwe 2 kwenye safu hiyohiyo, anza na 2, uone inavyozama.