Kabati la ukutani: amua kina kwanza

Mafundi wengi wakiambiwa wajenge kabati la ukutani, huupa ukuta mzima kina cha sentimita 60. Kina hicho kinahitajika na nguo za kwenye hanga tu. Nguo za kukunja, vitabu na mashuka yaliyokunjwa vizuri hutosha kwenye sentimita 40, na hizo 20 za tofauti ndizo zinazoamua kama chumba cha watoto wawili kitafaa kusomea mchana.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 2.7. Kitanda cha ghorofa, chenye droo chini, kinakaa kwenye ukuta mrefu na kula mita 1. Upande wa pili ni kabati lenye meza ya kukunja, inayoshuka na kutokeza sentimita 45. Kabati likiwa la 40, kati ya meza na kitanda inabaki sentimita 85: mtoto anavuta kiti na kukaa vizuri. Likiwa la 60, zinabaki 65, kiti kinagonga kitanda, na baada ya muda meza haifunguliwi tena. Sehemu ya hanga iweke kona moja tu, mbali na mlango, upana wa sentimita 80.

Droo za chini ya kitanda zisikae mkabala na meza, maana hazitafunguka mtu akiwa amekaa. Kabla fundi hajakata mbao, bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni kwa vipimo hivyo, weka kiti, kisha ukae.