Somo: Akaunti ya Steam ikifungiwa, anzia wapi?

Kabla ya kuandika rufaa, fahamu kwanza ni nani aliyekufungia, kwa sababu wengi hupoteza siku nyingi wakimwandikia asiyehusika.

Hatua ya kwanza ni kufungua ukurasa wa wasifu wako. Ukikuta maneno `1 VAC ban on record`, umenaswa na VAC, mfumo wa Valve wa kugundua udanganyifu. Ukikuta `1 game ban on record`, adhabu imetoka kwa mtengenezaji wa mchezo wenyewe. Valve hawaiondoi, hivyo rufaa yako iende kwake. Ikiwa hakuna alama yoyote lakini umezuiwa kununua, kagua malipo yako.

Hatua ya pili ni kuingia help.steampowered.com na kufungua ombi moja tu, ukieleza tarehe, ujumbe uliouona na ununuzi unaohusika. Adhabu ya VAC, niseme wazi, ni ya kudumu na haijadiliwi. Huondolewa pale tu Valve wenyewe wanapobaini kwamba ilitolewa kimakosa.

Tatizo la malipo ndilo lenye matumaini zaidi. Tuseme umenunua mchezo kwa kadi, ukajuta, ukaiambia benki kwamba huyatambui makato hayo. Benki ikizirudisha fedha, Steam huweza kuifunga akaunti. Dawa yake iko benki: futa malalamiko yale, omba uthibitisho wa maandishi, kisha uuambatanishe kwenye ombi lako. Nasikitika kila ninapoona jambo hili, kwani mtu angeweza kurudishiwa fedha na Steam kwa utaratibu wa kawaida, mradi hazijapita siku 14 tangu anunue na hajacheza kwa saa mbili.

Michezo uliyonunua je? Adhabu ya VAC haiifuti: inabaki kwenye maktaba, na unaweza kuicheza peke yako, ila unazuiwa kuingia kwenye seva zinazolindwa za mchezo uliofungiwa. Hata hivyo, kumbuka kwamba ulichonunua ni leseni ya kutumia, wala si mali yako. Tangu Oktoba 2024 Steam huonyesha tangazo hilo wakati wa kulipa. Kwa hiyo huwezi kuihamishia michezo hiyo kwenye akaunti nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mdogo wangu alitumia programu ya kudanganya akicheza nakala yangu kupitia Steam Families. Mimi nimekosa nini?*
Pole sana, ndugu. Kanuni inasema kwamba mwanafamilia akifungiwa kwa kudanganya kwenye nakala yako, nawe mwenye nakala unafungiwa katika mchezo huo. Michezo yako mingine haiguswi.

*Nikishafungiwa na VAC, naweza kudai fedha za mchezo huo?*
Hapana. Haki ya kurudishiwa fedha za mchezo huo hupotea, hata kama uliununua jana.