Maji yamerudi bombani baada ya kukatika siku kadhaa: jinsi ya kuyafanya yanyweke

Maji yakikatika siku tatu nne halafu yakarudi, kila mtu anakimbilia kujaza vyombo, na mara nyingi chombo cha kwanza kujazwa ni dumu la kunywa. Hapo ndo pabaya. Mi ni mhudumu wa afya ya jamii, napita nyumba kwa nyumba, na nikikuta watu wanaharisha siku chache baada ya maji kurudi, swali langu la kwanza ni: ya kunywa mlikinga saa ngapi?

Iko hivi. Bomba likiwa na presha, penye ufa maji yanatoka nje, ndo maana unaona barabara imelowa. Presha ikiisha mambo yanageuka, bomba tupu linavuta ndani kile kilicho nje yake, iwe tope, maji ya mtaro, au majitaka kama mfereji wake umepita karibu. Afu maji yakifunguliwa yanakuja kwa kasi na kukokota kutu na ule utelezi ulioganda ndani ya bomba. Kwa hiyo yale ya mwanzo ni machafu kuliko yote yatakayofuata, hata kama mtambo wa maji umefanya kazi yake vizuri kabisa.

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu watano wenye madumu ya lita 20, twende nao mpaka mwisho.

Hatua ya 1: acha ya mwanzo yapite

Usiyamwage, yakinge kwenye ndoo ya choo na ya kudekia. Kila baada ya muda kinga kidogo kwenye glasi isiyo na rangi uiangalie kwenye mwanga, ukiona rangi imekata na hakuna vitu vinavyoelea ndo uanze kujaza ya kunywa. Na kama una pampu inayonyonya moja kwa moja kutoka bomba la mtaa, izime kipindi hiki, maana inaongeza ule uvutaji na uchafu unaingia zaidi, kwako na kwa jirani.

Dumu lenyewe lisiwe limewahi kubeba mafuta ya gari, rangi wala dawa ya shamba, hata ulioshe namna gani. Lililo salama lisugue kwa sabuni, weka kokoto safi kidogo ndani na maji utikise kama mkono haufiki, kisha suuza vizuri.

Hatua ya 2: yafanye yawe meupe kwanza

Watu wanaruka hii hatua wakiamini dawa itamaliza kila kitu, kumbe tope linakula dawa. Klorini haichagui, ikikutana na uchafu inaishia hapohapo kabla haijafika kwa vijidudu.

Acha dumu litulie usiku kucha bila kuguswa, ikiwezekana mpaka kesho yake muda kama huo. Halafu mimina ya juu polepole kwenye chombo kingine ukipitisha kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, ile ya chini yenye mashapo iachie hukohuko. Kitambaa cha zamani kilichofuliwa sana kinachuja vizuri kuliko kipya kwa sababu nyuzi zimelegea na kujaza matundu. Bangladeshi walijaribu hili kwenye vijiji kwa kutumia sari kuukuu zilizokunjwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua karibu nusu, kwa sababu kile kijidudu kinapenda kung'ang'ania viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa kinavikamata. Lakini ni karibu nusu tu, vijidudu vinavyoelea peke yake vinapita kama kawaida, kwa hiyo kuchuja si mwisho wa safari.

Kujua kama yameshakuwa meupe vya kutosha, jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, isimamishe juu ya karatasi yenye maandishi uchungulie kutokea juu. Herufi zinasomeka? Endelea. Hazisomeki, yatulize tena.

Hatua ya 3: ua vijidudu, kwa moto au kwa klorini

Kama una kuni, gesi au umeme wa kutosha, chemsha. Kosa ninaloliona sana ni kuzima moto mapema. Vile vipovu vidogo vinavyoganda pembeni na chini ya sufuria ni hewa tu inatoka kwenye maji, bado hayajachemka. Unasubiri mapovu makubwa yanayopanda toka chini na kupasuka juu, ambayo hata ukikoroga hayaachi. Yakifika hapo hesabu dakika 1 kamili kisha zima. Kama unaishi milimani, juu ya mita 2000, hesabu dakika 3, kwa sababu huko maji yanachemka joto likiwa bado liko chini. Kuyaacha yachemke nusu saa ni kupoteza moto bure, vijidudu vingi vilishakufa hata kabla ya kuchemka, tunasubiri yale mapovu kwa sababu ndo alama unayoweza kuiona kwa macho bila kipimo.

Funika, yapoe yenyewe. Usiyapoze kwa kuongeza maji mabichi wala barafu usiyojua imetengenezwa na maji gani. Yakiwa hayana ladha, mimina kutoka chombo kimoja safi kwenda kingine mara mbili tatu, hewa inarudi na ladha inarudi.

Moto ukiwa wa shida, tumia klorini. Vidonge vya kutibia maji ndo rahisi zaidi, soma tu kwenye pakiti kidonge kimoja ni cha lita ngapi, maana kuna vya lita 1 na kuna vya lita 20 na vinafanana kwa macho. Kama huna vidonge, ile dawa ya klorini ya nguo nyeupe ambayo wengi tunaiita jiki inafaa, ila iwe ya kawaida, isiyo na harufu ya maua, isiyo na rangi wala sabuni ndani. Angalia nyuma imeandikwa sodiamu haipokloraiti asilimia ngapi, halafu piga hesabu hii:

mililita za dawa = lita za maji × 2 ÷ (asilimia × 10)

Dumu letu ni lita 20, tuseme dawa ni asilimia 3.5. 20 × 2 ni 40, gawanya kwa 35, unapata kama mililita 1.1. Usipime kwa kifuniko wala kwa kukadiria, tumia sirinji mpya isiyo na sindano. Maji yakigoma kabisa kuwa meupe, weka mara mbili yake. Tikisa, funga, subiri dakika 30, na kama maji ni ya baridi sana subiri saa nzima.

Sasa fungua unuse. Harufu ya klorini iwepo kwa mbali, hiyo ndo dalili kwamba dawa imefanya kazi na imebaki kidogo ya ulinzi. Hakuna harufu kabisa? Ama maji yalikuwa na uchafu mwingi ama dawa yako imezeeka, maana chupa iliyokaa miezi mingi au iliyowekwa juani inaisha nguvu. Weka kipimo kilekile tena, subiri tena, nusa. Bado hakuna, usiyanywe, tafuta dawa mpya au chemsha. Na kama harufu ni kali ya kukera pua, acha wazi masaa kadhaa ukiwa umefunika kwa kitambaa safi.

Mi nikiulizwa nachagua kipi, kwa mtoto mdogo au mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini nachagua kuchemsha, kwa sababu kuna vijidudu vya kuharisha vyenye gamba gumu, kriptosporidiamu, ambavyo klorini ya kiasi hiki haiviui na moto unaviua. Ila si moto wala klorini inayotoa chumvi, floraidi, mafuta ya gari au sumu ya shamba. Maji yakinuka petroli, yaache, chemsha yako haitasaidia kitu.

Hatua ya 4: yasichafuke tena

Kuna nyumba nilienda, watoto wanaharisha kila baada ya wiki na mama anachemsha vizuri kabisa, nilimwangalia mwanzo mpaka mwisho hakukosea. Nikakaa sebuleni tukiongea. Mtoto akaja anakimbia kutoka nje, akafunua ndoo, akachota kwa kikombe, vidole vyote vinne vikaingia ndani ya maji, akanywa, kikombe akakirudisha juu ya mfuniko kimelala upande. Shida ilikuwa pale. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote ndani yake, mkono mmoja mchafu unayarudisha yalikotoka.

Tulibadilisha chombo tu, wakaweka ndoo yenye koki na mfuniko unaobana. Kama huna koki, dumu la mdomo mwembamba linatosha, unamimina, huchoti. Kama unataka yaliyochemshwa yakae zaidi ya siku moja, weka ile klorini yakishapoa kabisa, ukiweka yakiwa moto inapotea na mvuke.

Hatua ya 5: kunywa ya kutosha wakati maji ni machache

Hapa watu wanabana pasipotakiwa. Ukijumlisha ya kunywa na ya kupikia, mtu mmoja anahitaji kama lita 3 kwa siku, joto au kazi nzito zinaongeza. Nyumba yetu ya watu watano ni lita 15, yani dumu moja lililotibiwa linatosha siku moja na linabaki kidogo. Kwa hiyo tibu dumu moja kila siku, lingine liwe linatulia kwa ajili ya kesho, na ya kuoga, kufua na choo usiyatibu. Maji yakipungua punguza kufua, usipunguze kunywa. Angalia mkojo, ukiwa njano iliyokoza na unakuja kidogo, mwili unadai maji, kunywa sasa hivi usisubiri jioni. Mtoto chini ya miezi 6 anayenyonya hapewi maji hata kwenye joto, mnyonyeshe mara nyingi zaidi na mama ndo anywe.

Mtu akianza kuharisha, maji matupu hayatoshi kwa sababu anapoteza na chumvi. Mpe ORS ya pakiti, ukikosa chukua lita 1 ya maji uliyotibu, weka vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa juu visiwe na mlima. Pima chumvi kwa makini, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Chini ya miaka 2 mpe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, zaidi ya hapo 100 mpaka 200, kwa kijiko au kwa funda ndogondogo, akitapika subiri dakika 10 uendelee taratibu. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga utengeneze nyingine. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa, ukaona damu kwenye choo au choo kinatoka kama maji ya mchele bila kukata, mpeleke kituo cha afya muda huohuo, na njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza.